Alama sita za chini kwa wiki moja: huduma imeshuka, au ni wiki tu?

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Meneja wa huduma wa gereji moja ya Dar es Salaam anafungua muhtasari anaoletewa kila wiki. Una mistari mitatu tu:

Waliojibu: 47 (wiki ya kabla: 44)
Wastani wa alama: 4.17 (wiki ya kabla: 4.34)
Alama za chini: 6 (wiki ya kabla: 3)

Pembeni pana mshale mwekundu unaoangalia chini. Chai haijapoa, naye ameshatuma ujumbe kwenye kundi la kazini: "Malalamiko yameongezeka maradufu. Saa nne kamili kikao, mafundi na wapokeaji wa magari wote."

Gereji hii ni ya mfano, na takwimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu zionekane vizuri. Lakini kikao cha saa nne si cha kubuni. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo zaidi ya mara moja, tena nikiwa mimi ndiye niliyeandaa ule muhtasari. Watu wanagombana dakika arobaini, kila mmoja na kisa chake, na mwishoni hakuna aliyejua kama kweli kuna kitu kimebadilika.

Tuanze na maneno yenyewe. Dodoso ni ule ujumbe mfupi ambao siku hizi unakufuata kila unapotoka benki, hospitali au gereji: "Umeridhika kiasi gani na huduma yetu? Jibu kwa namba 1 hadi 5." Hapa kwetu 5 ni nimeridhika sana na 1 ni sikuridhika kabisa. Alama ya chini ni 1 au 2. Aliyetoa 3 anaingia kwenye wastani tu. Yuko katikati, na hesabu ya alama za chini inampita kimya. Waliojibu ni wale tu waliojishughulisha kurudisha namba. Gereji yetu inahudumia magari kama 180 kwa wiki na ujumbe unatumwa kwa wenye magari wote, kwa hiyo 47 waliojibu ni kama mmoja kati ya kila wanne.

Mpaka wa "chini" nao ni uamuzi wa mtu, haukushuka kutoka mbinguni. Kampuni nyingine hutumia kipimo cha 0 hadi 10, cha swali la kama ungempendekezea rafiki yako huduma hii. Kipimo hicho kilitangazwa na Mmarekani Fred Reichheld mwaka 2003, na kwa kanuni yake yeyote anayetoa 0 hadi 6 anahesabiwa kuwa hakuridhika. Sasa mchukue mtu aliyesoma Tanzania. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, 60 kwa 100 ni C, na mtu akipata C ya hesabu nyumbani kuku huchinjwa. Mtu huyo akikupa 6 kwa 10 anadhani amekusifu, kumbe kwenye muhtasari ameingia kapu moja na aliyetoa 0. Ndiyo maana muhtasari wowote usiosema alama ya chini inaanzia wapi haufai kulinganishwa na wa tawi jingine, achilia mbali wa kampuni nyingine.

Wastani unaficha nini

Wengi hukimbilia wastani kwa sababu ni namba moja na ina nukta, kwa hiyo inaonekana ya kisomi. Lakini fikiria vikombe viwili vya chai. Kimoja kimetiwa sukari hadi hakinyweki, kingine hakina hata chembe. Kwa wastani, sukari ni ya kutosha. Hakuna anayekunywa wastani.

Wachukue wateja kumi. Wote kumi wakitoa 4, wastani ni 4.0 na hakuna alama ya chini hata moja. Sasa wachukue wengine kumi: saba wametoa 5, wawili wametoa 2, mmoja ametoa 1. Jumlisha: 35 na 4 na 1 ni 40, gawa kwa 10, wastani ni 4.0 uleule. Kundi la kwanza limetulia. Katika kundi la pili, watu watatu wameondoka wamenuna, na huenda mmoja wao sasa hivi yuko kwa fundi wa mtaani akisimulia yaliyomkuta.

Hii ndiyo sababu muhtasari mzuri huweka idadi ya alama za chini kando ya wastani. Idadi hiyo inakuonyesha watu ambao wastani umewameza. Tatizo linaanza pale idadi hiyo nayo inaposomwa kama bei ya dola, ikipanda tunashtuka, ikishuka tunashangilia.

Sado ya nyanya

Kila Jumamosi unanunua sado moja ya nyanya kwa mama yuleyule sokoni. Ukifika nyumbani unatoa zilizooza. Wiki hii mbili, wiki ijayo tano, ijayo tena tatu. Mama hajabadilika, shamba ni lilelile, lori ni lilelile. Ni jinsi tu nyanya zilivyoangukia kwenye sado yako. Wiki ukikuta sita baada ya kukuta tatu, huendi kumgombeza kwamba kuoza kumeongezeka maradufu. Lakini ukikuta kumi na tano, hapo kuna jambo, na una haki ya kurudi kuuliza.

Swali basi ni moja: mpaka wa mshangao uko wapi? Mwaka 1924, mtaalamu wa Western Electric huko Marekani, Walter Shewhart, alichora chati ya kwanza ya kutenganisha kupanda na kushuka kwa kawaida na mabadiliko yenye sababu. Kazi yake ilikuwa ubora wa bidhaa za kiwandani, lakini hesabu inafanya kazi vilevile kwa alama za chini, maana zote mbili ni kuhesabu kasoro chache ndani ya vitu vingi.

Hesabu yenyewe inatosha nyuma ya bahasha. Meneja wetu alipotulia, alifungua mihtasari ya wiki kumi na mbili zilizopita na kuandika alama za chini kwa mfuatano: 4, 2, 5, 3, 7, 4, 2, 6, 4, 5, 3, 3. Jumla ni 48. Gawa kwa 12, unapata wastani wa alama 4 za chini kwa wiki. Sasa tafuta kipeuo cha pili cha 4, ambacho ni 2. Zidisha kwa 3, unapata 6. Jumlisha na ile 4 ya wastani: 10. Huo ndio ukingo wa juu. Kwa chini, 4 kutoa 6 ni pungufu ya sifuri, kwa hiyo hakuna ukingo wa chini. Wiki yenye sifuri inaweza kutokea bila mtu yeyote kuwa amefanya muujiza.

Kwa gereji hii, basi, wiki yenye alama za chini 11 ingestahili kikao cha saa nne. Wiki yenye 6 haistahili. Angalia tena ule mfuatano: wiki ya tano kulikuwa na 7 na wiki ya nane 6, na hakuna aliyeitisha kikao kwa sababu siku hizo muhtasari haukuwa na mshale mwekundu. Kwa wastani wa 4, bahati peke yake italeta 6 au zaidi karibu wiki moja katika kila tano. Meneja akiitisha kikao kila mara, ataitisha kumi kwa mwaka juu ya kitu ambacho hakipo. Tena wiki inayofuata idadi itashuka yenyewe, naye ataamini ni ukali wake uliofanya kazi. Nawajua mameneja waliojenga sifa yao yote juu ya imani hiyo.

Kuna dalili nyingine ya mabadiliko isiyohitaji kuvuka ukingo. Wiki nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, zote juu ya 4 au zote chini ya 4, hiyo si bahati tena. Ni kama sarafu iliyotua upande uleule mara nane. Mtu angeichukua na kuikagua. Shika kanuni hii, tutaihitaji.

Onyo moja kuhusu hesabu hii: inategemea idadi ya waliojibu isibadilike sana. Mtu wa ofisini akianza kutuma ujumbe wa kukumbusha na waliojibu wakapanda kutoka 45 hadi 90, alama za chini nazo zitaongezeka ingawa huduma ni ileile. Alama 4 za chini kati ya 45 ni asilimia 9 hivi. 7 kati ya 90 hazifiki asilimia 8. Idadi imepanda, hali imekuwa nafuu kidogo. Waliojibu wakipanda na kushuka hovyo, tumia asilimia, na hata hapo andika idadi zote mbili pembeni. Nimeona jedwali la kila mpokeaji likisema "asilimia 11 ya wateja wake hawakuridhika", kumbe waliojibu kwake ni tisa na aliyenuna ni mmoja. Huyo mmoja angeweza kuangukia meza yoyote.

Je, hizo sita ni sita kweli?

Hili watu huliruka, na mimi mwenyewe niliruka kwa miezi kadhaa. Meneja alipoomba orodha ya wale sita pamoja na maoni yao, mstari wa pili ulisomeka: "1. Huduma safi sana, nyie ni namba moja!" Mteja amesifu kwa moyo wake wote, na kwa Kiswahili chetu namba moja ni wa kwanza. Aliyeandika dodoso alidhani kila mtu anajua 5 ndiyo kilele. Kati ya sita, wawili walikuwa wa namna hii.

Kishawishi ni kuwafuta hao wawili na kutangaza kwamba alama za chini ni nne. Usifanye hivyo kwa wiki hii peke yake. Wiki kumi na mbili zilizopita nazo zilikuwa na "namba moja" zake, ambazo hakuna aliyezitafuta. Ukisafisha wiki mbaya tu na kuziacha nzuri zilivyo, utapata chati inayokupendeza na isiyosema kweli. Ama usafishe zote kumi na tatu kwa kanuni moja, ama usiguse hata moja. Dawa ya kudumu ni kubadilisha ujumbe wenyewe: "1 = mbaya sana, 5 = nzuri sana", maneno hayo yakae kando ya namba, si kwenye sentensi ya juu ambayo hakuna anayeisoma. Siku ya mabadiliko hayo itie alama kwenye chati, kwa sababu baada ya hapo hesabu inaanza upya.

Kosa jingine linatoka kwenye jedwali. Mifumo mingine humwandikia 0 mteja ambaye hakujibu. Ukiiambia kompyuta ihesabu wote walio na 2 au chini ya hapo, itawakusanya na hao waliokaa kimya, kisha wastani utaporomoka na alama za chini zitakuwa zaidi ya mia. Mporomoko mkubwa namna hiyo utaugundua mara moja. Unaotisha ni pale sifuri zinapokuwa tatu au nne tu. Kwa hiyo, kama alama ziko safu ya B, weka mipaka yote miwili:

```
=COUNTIFS(B:B,">=1",B:B,"<=2")
```

Halafu kuna tarehe. Gereji hii hutuma ujumbe siku ya tatu baada ya gari kuchukuliwa, na wengine hujibu baada ya siku mbili zaidi. Kwa hiyo "wiki iliyopita" ya muhtasari ni wiki ambayo majibu yaliingia, na mengi ni ya magari ya wiki ya kabla yake. Meneja alikuwa tayari kumlaumu fundi mpya aliyeanza Jumatatu iliyopita. Kati ya wale sita, hakuna hata mmoja ambaye gari lake lilikuwa limeguswa na fundi huyo.

Walionyamaza

Dhana moja iliyoenea sana ni kwamba asiyejibu ameridhika. Dhana ya pili, kinyume chake, ni kwamba wanaojibu ni wenye hasira tu. Zote mbili ni za kubahatisha. Ukionja pilau kwa kijiko cha juu peke yake utapata vitunguu vya kukaanga. Chini huenda kumeungua. Watu 133 kati ya 180 hawakusema kitu, na kwetu wapo wengi ambao hawatoi 1 hata wakiwa wamekasirika, kwa kuogopa kumpunguzia mtu ugali. Njia ya kujua ni kuwapigia baadhi yao. Chukua kumi kwa kuokota hovyo kila mwezi, uliza swali lilelile, linganisha. Kumi hawatoshi kutoa takwimu, ila wanatosha kukuonyesha kama kuna kitu ambacho dodoso halikigusi kabisa.

Na kama posho ya wapokeaji imefungwa kwenye alama, angalia safu ambayo muhtasari mwingi hauna: ujumbe ambao haukufika. Mteja akianza kupandisha sauti kaunta, mkono wa mpokeaji unaweza kukosea tarakimu moja ya namba ya simu, na dodoso likaenda kwa mtu wa Tabora asiye na gari. Namba zisizofika zikiongezeka kwenye meza moja huku alama za meza hiyo ziking'aa, usishangilie haraka. Ile ya "bosi, ukipata meseji nipe tano" ni ndugu yake huyo, na ni ngumu zaidi kuikamata.

Kazi mbili tofauti

Ile namba 6 imebebeshwa kazi mbili ambazo hazina mwendo mmoja. Ya kwanza ni kumpigia mteja. Hiyo haingoji muhtasari wala hesabu ya ukingo. Alama ya chini ikiingia Jumatano, simu ipigwe Alhamisi, iwe ya kwanza wiki hiyo au ya kumi. Kwa mteja yule hakuna "kupanda na kushuka kwa kawaida", gari lake ndilo lilichelewa. Kazi ya pili ni kujua kama gereji inabadilika, na hiyo inahitaji wiki nane, kumi, kumi na mbili. Muhtasari wa Jumatatu unakosea unapoharakisha kazi ya pili na kuchelewesha ya kwanza: mteja wa Jumatano anasubiri hadi Jumatatu, lakini hukumu juu ya mafundi inatolewa kabla ya chai kupoa.

Meneja alifuta kikao. Badala yake yeye na mpokeaji mmoja walikaa na orodha ya alama zote 54, zile 48 za nyuma na hizi 6, wakasoma maoni ya walioandika kitu na kuwapigia waliokubali kuzungumza. Hawakuangalia nani alihudumia; waliangalia nini kilitokea. Rundo kubwa kuliko yote halikuhusu ufundi. Lilihusu ahadi ya muda: "Niliambiwa saa tisa, nimetoka saa kumi na mbili." Na karibu yote yalikuwa ya Ijumaa.

Wakachukua kadi za kazi za Ijumaa kadhaa na kusoma saa zilizoandikwa. Mafundi walikuwa wanamaliza kwa wakati, saa nane, saa nane na nusu. Kisha gari linakwenda kwenye foleni ya kuoshwa, ambako kuna kijana mmoja na mpira mmoja wa maji, na Ijumaa kila mtu anataka gari lake kabla ya wikiendi. Mpokeaji alipokuwa akitoa ahadi alihesabu muda wa fundi, hakuhesabu muda wa maji. Ona jinsi ambavyo kikao cha saa nne kisingefika hapo: kingewaita mafundi, na mafundi hawakuwa na kosa. Isitoshe, kasoro hii haikuanza wiki ile ya mshale mwekundu. Ilikuwepo wiki zote kumi na mbili, ndani ya ile 4 iliyoonekana ya kawaida. Kawaida maana yake ni kwamba haijabadilika. Haina maana kwamba ni nzuri.

Walifanya mambo mawili: kijana wa pili wa kuosha kwa siku ya Ijumaa, na kwenye kadi sehemu ya muda wa ahadi ikaongezewa saa moja ya kuoshwa. Mshale mwekundu ukaondolewa kwenye muhtasari, pakawekwa chati ya wiki kumi na mbili yenye mstari wa 4 katikati na wa 10 juu, na chini yake safu ya waliopigiwa simu ndani ya siku moja.

Wiki nane zilizofuata, waliojibu wakiwa bado kati ya 40 na 50, alama za chini zilikuja hivi: 3, 2, 3, 1, 3, 2, 3, 2. Hakuna wiki hata moja kati ya hizo ambayo peke yake ingemshangaza mtu. 2 na 3 zilikuwepo hata zamani. Ila ni nane mfululizo chini ya 4. Jumla yake ni 19, wastani mpya ni kama 2.4, na kwa hesabu ileile ukingo mpya unaangukia 7. Wakati wa wastani wa 4, wiki yenye alama 8 za chini ingepita kama wiki ya kawaida. Sasa ikija, meneja ataitisha kikao, na safari hii atakuwa na sababu.